Garanti ya bei ya kasiterite: hesabu inasema nini, na inanyamaza wapi

Karatasi iko mbele yangu hapa Niemba, kurasa nne, muhuri bado haujawekwa. Mnunuzi mmoja, ambaye sitamtaja jina, anataka koperative ya wachimbaji wadogo isaini naye. Mambo mengi ndani yake ni yale tunayozoea: etiketi za mifuko, kupima unyevu, taksi, nani analipa usafiri mpaka Kalemie. Lakini kipengele cha sita kina mstari mmoja mdogo. Unasema kwamba bei itakuwa ile ya Soko la Metali la London, ile LME tunayosikia kila siku, ya siku ya kupokea mzigo, ao ya siku mzigo unatoka inchini, "ile iliyo chini kati ya hizo mbili". Kati ya siku hizo mbili mara nyingi mwezi muzima unapita.

Chini yake kuna mstari mwingine, huo umeandikwa kwa sauti tamu zaidi. Kama koperative inaogopa bei isianguke, mnunuzi yuko tayari kuipa garanti: kwa miezi mitatu bei haitashuka chini ya ile ya leo, na koperative italipa dola 1,700 kwa kila tani ya etani. Etani ni ile metali inayotoka ndani ya kasiterite. Vitabu vya Kiswahili vinaiita bati, lakini hapa kwetu bati ni ya kuezekea nyumba.

Wandugu wa koperative walikuja kwa sendika na swali moja: hizo 1,700 ni ghali? Mimi niliwarudishia swali lingine: na ule mstari wa juu, wa "ile iliyo chini", ninyi munaufanya bei gani? Walicheka. Walisema ule hauna bei, ni masharti tu. Kumbe mistari hiyo miwili ni bidhaa moja. Huku chini tunauziwa, kule juu tunainyanganywa bure.

Bidhaa hiyo nitaiita haki ya bei. Mwenye haki ya bei anaweza kuuza, ao kununua, kwa bei iliyopangwa leo, hata kama kesho soko limesema ingine. Na kama soko limemfalia, anaiacha haki yake na kuendelea. Hana deni. Yule aliyemuuzia haki hiyo ndiye hana ruhusa ya kukataa. Sasa angalieni mstari wa "ile iliyo chini". Leo mzigo unapokelewa, LME iko dola 33 kwa kilo ya etani. Mwezi unapita. Kama bei imepanda mpaka 36, tunalipwa 33. Kama imeshuka mpaka 30, tunalipwa 30. Mnunuzi anachagua, sisi hatuchagui. Hiyo ni haki ya bei kamili, na kwenye soko lolote la dunia mtu anayeichukua anailipia.

Inalipiwa kiasi gani? Mwaka 1973 watu wawili huko Amerika, Fischer Black na Myron Scholes, walitoa hesabu ya kujibu swali hilo, na mwenzao Robert Merton akaieleza kwa njia yenye nguvu zaidi. Mwaka 1976 Black aliitengeneza tena kwa ajili ya bidhaa zinazouzwa kwa mkataba wa mbele, na hiyo ndiyo inayotumika kwa metali. Mimi nilimaliza sekondari tu, seksyo ya hesabu na fizikia, lakini kijana mmoja wa hapa aliyesoma uchumi aliniazima karatasi zake, na nikaona kwamba kwa haki ya bei ambayo kiwango chake ni bei ya leo, ile hesabu ndefu inafupika karibu kabisa hivi:

bei ya haki ≈ 0.4 × F × σ × √T

F ni bei ya metali. T ni muda, ukihesabiwa kwa mwaka. Na σ ni kutikisika kwa bei kwa mwaka, kwa asilimia: soko tulivu lina namba ndogo, soko lenye wasiwasi lina namba kubwa. Tuweke F dola 33,000 kwa tani, bei isiyo mbali na ile ya mwanzo wa Machi 2025, na kutikisika 25 kwa mia, ambayo kwa etani si namba ya ajabu. Kwa mwezi moja, √T ni 0.289. Tunapata karibu dola 950 kwa tani. Kwa miezi mitatu, √T ni 0.5, tunapata dola 1,650.

Njo jibu la kwanza. Garanti ya 1,700 inaonekana ni bei ya haki, mnunuzi anajiwekea dola 50 tu juu ya hesabu. Lakini kwa mstari wa "ile iliyo chini", koperative yenye kutoa tani mbili za etani kwa mwezi inamupa mnunuzi kitu cha dola 1,900 kila mwezi, bila risiti, bila asante. Kwa wachimbaji hiyo ni karibu dola moja kwa kila kilo.

Ningeweza kusimama hapo. Sendika ingepata hoja yake na kila mtu angerudi nyumbani. Lakini namba ya 1,650 ina masharti yake, na masharti hayo hayakuandikwa na mtu aliyeishi upande wetu.

Ni lazima kwanza kuelewa 1,650 zinatoka wapi, maana si ubashiri. Hesabu hii haiulizi kama bei itapanda ao itashuka. Hakuna mahali pa kuandika maoni yako. Yenyewe inasema hivi: muuzaji wa garanti hahitaji kujua kesho, anahitaji kujikinga leo. Akituuzia garanti ya tani moja, anakwenda London kuuza karibu nusu tani kwa mkataba wa mbele. Bei ikishuka, atatulipa sisi, lakini ile nusu tani aliyouza itamupa faida. Bei ikishuka mpaka 32,000, anaongeza, awe ameuza kilo 570 hivi. Ikifika 30,000, awe ameuza kilo 760. Ikirudi juu, ananunua tena, anapunguza. Kwa namna hiyo siku zote yuko anafuata bei nyuma, kama mtu anayetembea na mtoto mdogo kwenye daraja.

Lakini muone: bei inaposhuka anauza, inapopanda ananunua. Yaani siku zote anauza chini na kununua juu. Kila mara anapoteza kidogo. Jumla ya hasara hizo ndogo, mpaka siku ya mwisho, ndiyo dola 1,650. Hiyo ndiyo siri yote ya hesabu ya 1973, na kwa kweli ni kazi ya akili nyingi. Merton na Scholes walipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 1997. Black alikuwa amekufa miaka miwili mbele. Mwaka uliofuata mfuko wa fedha ambamo hao wawili walikuwa washirika, Long-Term Capital Management, ulipoteza zaidi ya dola miliari ine kwa miezi michache, na benki kubwa zikaitwa kuuokoa. Sisemi hivi ili kuwacheka. Nasema ili tujue kwamba hata wenye hesabu yao masharti yaliwashinda.

Ili mambo yaende vile hesabu inavyosema, bei inapaswa kutembea kwa hatua ndogo, bila kuruka. Kutikisika kwake kunapaswa kuwa namba moja inayojulikana, isiyobadilika mpaka mwisho. Soko linapaswa kuwa wazi kila dakika, na muuzaji aweze kuuza kiasi chochote, hata kilo tatu, bila gharama. Anapaswa kupata mkopo wakati wowote kwa riba moja. Na mkataba ukishafungwa, umefungwa. Sasa tuchukue sharti la hatua ndogo kwanza, kwa sababu ndilo linatugusa zaidi.

Kutikisika kwa 25 kwa mia kwa mwaka maana yake hatua ya kawaida ya siku moja ni karibu 1.6 kwa mia, dola 520 hivi kwa tani. Hesabu inakubali hatua kubwa kuliko hiyo, lakini inaziona kama ajabu. Hatua ya 10 kwa mia kwa siku moja, kwa hesabu hiyo, mtu angeingoja zaidi ya miaka milioni kumi. Mimi sijafikia umri huo na nimeona hatua kubwa kuliko hiyo kwa metali.

Tuone hatua kama hiyo inamfanyia nini muuzaji wa garanti. Ametuuzia tani moja kwa 1,650, ameuza nusu tani London, amelala. Asubuhi bei si 33,000 tena, ni 27,000. Haikupita 32,000, haikupita 30,000, iliruka. Deni lake kwetu ni karibu 6,000. Ile nusu tani imemupa 3,000. Akiongeza 1,650 tulizomulipa, bado anakosa 1,350. Kama bei ingeshuka polepole, angekuwa ameongeza kinga njiani, lakini njia haikuwepo. Na musifikiri kuruka juu kunamfaa. Tuseme asubuhi bei ni 39,000. Hatudai kitu kikubwa, garanti yetu imekuwa karibu karatasi tupu. Lakini nusu tani aliyouza kwa 33,000 sasa inamgharimu 3,000, na 1,650 hazitoshi. Anakosa zile zile 1,350. Kuruka kunamuumiza pande zote mbili. Anaogopa mshtuko wenyewe, hata kama si wa kushuka.

Na mshtuko wa etani siku hizi unatoka wapi? Unatoka kwetu. Tarehe 13 Machi 2025, kampuni ya Alphamin ilitangaza kwamba inasimamisha kazi Bisie, katika teritware ya Walikale, Kivu ya Kaskazini, kwa sababu wapiganaji wa M23 walikuwa wanakaribia. Mwaka wa 2024 mgodi huo peke yake ulitoa tani zaidi ya 17,000 za etani, karibu 6 kwa mia ya etani ya dunia nzima. Siku ile ile bei ya London iliruka. Mwanzoni mwa Aprili ilikuwa imepita 37,000. Kisha mambo mawili yakaja karibu pamoja: tarehe 2 Aprili Amerika ilitangaza ushuru wake mpya na masoko yote yakaogopa, na tarehe 9 Aprili Alphamin ikasema kazi inaanza tena kidogo kidogo. Kwa muda wa siku chache bei ilianguka mpaka karibu 30,000.

Mutu aliyehesabu kutikisika kwa etani kwa kuangalia miezi ya nyuma hakuona lolote la hayo. Namba aliyoiweka mahali pa σ ilikuwa ya soko lililolala. Hiyo ni kasoro ya pili, ni dada ya ile ya kwanza: hesabu inataka namba moja ya kutikisika, lakini kutikisika kwenyewe kunatikisika. Mukiweka 40 kwa mia mahali pa 25, ile haki ya mwezi moja inatoka 950 na kufika zaidi ya 1,500. Metali ni ile ile, bei ni ile ile.

Na sasa weka mstari wa "ile iliyo chini" juu ya majuma hayo. Mzigo uliopokelewa mwanzoni mwa Machi kwa 33 na kutoka inchini mwanzoni mwa Aprili kwa 37: mchimbaji analipwa 33. Mzigo uliopokelewa siku zile za 37 na kutoka baada ya kuanguka: analipwa 30. Vita ya Walikale ilipandisha bei, yeye hakuona. Amani kidogo ikashusha bei, yeye akailipa. Kwa hiyo ninaposema kwamba mstari ule una thamani ya dola 950 kwa tani, nasema kiasi cha chini. Hiyo ni thamani yake katika dunia isiyoruka.

Watu wa masoko wanajua jambo hilo toka zamani. Tarehe 19 Oktoba 1987 soko la hisa la New York lilianguka zaidi ya 22 kwa mia kwa siku moja. Tangu hapo wauzaji wa haki za bei hawatumii tena namba moja ya kutikisika. Mtu akitaka garanti ya mbali, ile ya kumlinda na msiba mkubwa tu, wanaweka namba kubwa zaidi kuliko kwa garanti ya bei ya leo. Ukichora namba hizo kwenye karatasi, mstari unapinda juu pembeni kama mdomo unaocheka, na wenyewe wanaita hivyo hivyo, tabasamu. Yaani wanaweka namba isiyo ya kweli ndani ya hesabu isiyo ya kweli, ili itoke bei wanayoiamini. Mimi sioni vibaya, hata fundi anapiga upau uliopinda ili ukae sawa. Lakini mtu akikuonyesha hesabu safi na namba moja tu, uliza kama anakuonyesha ile anayotumia mwenyewe.

Kasoro nyingine ni ya mlango. Hesabu inadhani soko liko wazi siku zote. Tarehe 7 Machi 2022, majuma mawili tu baada ya vita ya Ukraine kuanza, nikeli ya LME ilitoka karibu 29,000 na kufika karibu 48,000 kwa tani kwa siku moja. Kesho yake asubuhi, tarehe 8, ilipita 100,000. Upande moja kulikuwa na Tsingshan, mzalishaji mkubwa wa Uchina, aliyekuwa ameuza nikeli nyingi sana kwa mikataba ya mbele. Aliyeuza namna hiyo anapaswa kuweka amana kila bei inapopanda, pesa taslimu, siku ile ile. Kuwa na nikeli ndani ya gala hakumsaidii. Kwa bei ya asubuhi ile, amana ambazo wanachama wote wa soko wangedaiwa zingefika dola miliari 19 na zaidi. LME ilifunga soko. Tena ilifanya kitu ambacho wengi hawakudhani kinawezekana: ilifuta biashara zote za nikeli za asubuhi ile, kama dola miliari 12, kama vile hazikufanyika. Soko halikufunguliwa mpaka tarehe 16. Nyumba mbili za fedha zilizopoteza faida zao, Elliott na Jane Street, zilipeleka LME mahakamani London, na zikashindwa.

Fikirini mtu aliyekuwa ameuza garanti ya nikeli asubuhi ile. Alipaswa kununua ili kujikinga, na alinunua. Saa sita baadaye anaambiwa hakununua. Deni lake kwa mteja liko, kinga yake haiko. Katika hesabu ya 1973 hakuna herufi ya kuandika jambo hilo.

Na etani yenyewe ilishafungiwa mlango mara moja, tena kwa muda mrefu zaidi. Wazee wa Manono wanaikumbuka miaka ile, wakati Zairetain bado inaitwa Zairetain. Kulikuwa na Baraza la Kimataifa la Etani, ambamo Zaire ilikuwa mwanachama pamoja na wazalishaji wengine, Malaysia, Indonesia na Thailand. Kazi yake ilikuwa kushika bei isianguke: bei ikishuka linanunua, ikipanda linauza. Kwa maneno mengine, lilikuwa limeipa dunia nzima garanti ya bei ya chini. Tarehe 24 Oktoba 1985 baraza lilisema pesa zimeisha. LME ilisimamisha etani siku ile ile, na etani haikurudi pale mpaka 1989. Wakati huo bei ilikatika nusu. Hapa hakukuwa na kosa la hesabu tu. Aliyetoa garanti alivunjika, na alivunjika saa ile ile ambayo garanti ilihitajika, kwa sababu kuanguka kwa bei ndiko kulikomvunja. Hesabu inadhani kila mutu atalipa. Haiweki bei kwa hatari hiyo.

Kwa kobalti ya ndugu zetu wa Kolwezi mambo ni makali zaidi, maana mshtuko unatoka kwenye kalamu. Tarehe 22 Februari 2025 mamlaka ya serikali inayosimamia madini ya kimkakati, ARECOMS, ilisimamisha kutoa kobalti inchini kwa miezi ine. Baadaye ikaongeza miezi mitatu. Kutoka 16 Oktoba ikaja na kota: tani 18,125 kwa sehemu iliyobaki ya 2025, halafu 96,600 kwa mwaka. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, kwa hiyo saini moja ya Kinshasa inabadilisha bei ya kila mahali kwa usiku moja. Sihukumu hapa kama saini ilikuwa nzuri. Bei ilikuwa chini sana na kitu kilipaswa kufanyika. Nasema tu kwamba hesabu inayodhani hakuna mtu mmoja mwenye nguvu ya kuisukuma bei haikutengenezwa kwa metali ambayo mtu huyo yuko na anajulikana ofisi yake. Na koltani yetu haina hata soko la wazi la kujikinga. Bei yake inasemwa kwa simu. Mtu akikuuzia garanti ya bei ya koltani kwa hesabu ya Black, hana mahali pa kuuza ile nusu tani yake. Anacheza kamari.

Turudi kwa karatasi yetu. Nilimuuliza mjumbe wa mnunuzi, mbele ya wandugu wote: bwana, ukitupa garanti hii, utajikinga wapi? Akajibu LME. Nikamwambia mkataba moja wa etani LME ni tani tano, na koperative inatoa mbili kwa mwezi. Kwa tani mbili ungehitaji kuuza tani moja tu, utaikatia wapi? Akasema atachanganya na mizigo ya wengine. Inawezekana, sikatai. Wanunuzi wakubwa wanafanya hivyo. Lakini hakuweza kutuonyesha karatasi yoyote ya mkataba wa mbele, wala jina la mtu anayemfanyia kazi hiyo London.

Hapo njo bei ya 1,700 inageuka sura. Kama angekuwa anajikinga kweli, na anajua habari ya Bisie na ya nikeli, asingeuza kwa dola 50 tu juu ya hesabu tupu. Angeongeza kwa ajili ya kuruka. Garanti rahisi namna ile ina maelezo mawili. Moja, hajui anachouza. Mbili, anajua kwamba bei ikianguka sana hatalipa, na kwamba sisi hatuna mahakama ya kumfuata nayo kutoka Niemba. Kwa mchimbaji maelezo yote mawili yanafika pamoja: atalipa 1,700 wakati soko limetulia, na siku ya kuanguka atapiga simu ambayo haiiti.

Kwa hiyo maoni ya sendika, tuliyoyatuma kwa maandishi, ni haya. Mstari wa "ile iliyo chini" ufutwe, ibaki tarehe moja, yoyote ile, wachague wao. Kama hawataki kuufuta, waulipie: dola 950 kwa tani kama kutikisika ni 25 kwa mia, na namba ya kutikisika ihesabiwe tena kila mwezi kutoka bei za LME ambazo kila mtu mwenye telefoni anaziona. Na garanti ya miezi mitatu tutaizungumza kama mnunuzi ataweka amana benki, Kalemie ao Lubumbashi, kwa jina la pande zote mbili. Tumependekeza dola 6,000 kwa tani, kwa sababu kuanguka kwa Aprili 2025, kutoka 37,000 mpaka karibu 30,000, kulikuwa kukubwa kuliko hapo.

Mzee mmoja wa koperative hakukubaliana nami. Alisema mimi napigania mia tisa wakati mwenzetu ana watoto wa kulipia shule juma hili, na mnunuzi huyu ndiye pekee anayetoa pesa mbele. Ana haki. Pesa ya mbele nayo ni kitu, na riba yake haikuandikwa popote katika zile kurasa ine. Labda mnunuzi anaichukua kupitia mstari ule ule. Ndiyo maana tumeomba iandikwe peke yake, mkopo mahali pake na bei mahali pake, tuone kila moja inagharimu ngapi. Mjumbe amechukua barua yetu na gari moshi ya kwenda Kalemie. Jibu bado.